Mwaka wa Kuzaliwa wa Shujaa wa Bibi

*Bwana Mhariri, naandika hadithi fupi ya mvulana agunduaye kuwa Louis Armstrong, mpiga tarumbeta apendwaye na bibi yake, hakuzaliwa 4 Julai 1900 kama bibi aaminivyo. Nachelea bibi asije akaonekana mjinga. Nifanyeje?*
*Mwandishi chipukizi*

Ndugu yangu, hofu yako ya kumvunjia bibi heshima naifahamu, lakini tarikhi yenyewe itakutoa katika dhiki hiyo, kwa sababu Armstrong mwenyewe aliitaja tarehe hiyo maishani mwake hadi alipofariki mwaka 1971, na bibi hakufanya ila kumsadiki mwenye habari zake. Ilikuwa katika miaka ya 1980 ndipo mtafiti Tad Jones alipoona, katika daftari la ubatizo la kanisa la Kikatoliki mjini New Orleans, kwamba mtoto huyo alizaliwa 4 Agosti 1901, akabatizwa tarehe 25 ya mwezi ule ule. Nao ushahidi ulioandikwa wiki tatu baada ya uzazi una nguvu kuliko kauli ya mtu mzima aliyekulia katika ufukara.

Basi hadithi yako itukie baada ya ugunduzi huo. Mpe mvulana vitabu viwili vinavyohitilafiana, aulize ni tarehe ipi iliyoandikwa karibu zaidi na tukio, kisha amweleze bibi kwa adabu kwamba hata Armstrong aliitaja ile ya kwanza. Ukitilia shaka tarehe nyingine yoyote, mwendee mkutubi akupatie wasifu uliochapishwa baada ya miaka ya 1980, kabla hujaipeleka hadithi kwa mchapishaji.