Dondoo muhimu: Wawili mbele ya kijiji

Tuseme ninyi wawili ni watafiti wa mbu na mnapeleka matokeo kwenye mkutano wa kijiji jirani na Ifakara. Msigawane mada nusu kwa nusu, gawaneni maswali. Kila mmoja aandike matatu ambayo mkulima wa mpunga angeuliza, kisha amuulize mwenzake.

"Mbu wamejaa majarubani. Mbona mnahangaika na hawa wachache?"

"Kwa sababu hapa bondeni mbu aina ya funestus, ingawa ni wachache, ndio wanaoambukiza malaria zaidi."

"Wanazaliana wapi?"

"Kwenye maji yanayodumu, yenye majani: kingo za mito, visima vya wazi."

Andikeni maswali tu, si majibu. Anayesoma jibu hujulikana papo hapo, maana hamtazami mwenzake. Swali lililokwisha kubeba jibu, kama "Si kweli kwamba chandarua kinasaidia?", lifuteni. Jibu likipita sentensi tatu, muulizaji akatize: "Sasa nyumbani nifanye nini?" Katikati badilishaneni nafasi, la sivyo mmoja ataonekana mwanafunzi wa mwingine.

Wanakijiji wakianza kuuliza kabla hamjamaliza, wekeni karatasi pembeni, muwajibu wao kwanza.