Akaunti Imefungwa, na Somo la Kulipia Linaanza Kisha Dakika 20

Mu somo hili tunazungumza juu ya jambo ambalo linaweza kuharibu feza na imani ya watu mu muda mfupi sana. Memba wamelipa, wameketi na telefoni mkononi, lakini mwalimu hawezi kufungua mkutano kwa sababu akaunti yake imekataa.

Tuchukue mfano. Koperative moja ya hapa Mutoshi imepanga somo la Zoom juu ya kiwavi jeshi wa mahindi, siku ya Posho, saa nane kamili. Memba 40 wametuma franka 5,000 kila mmoja kwa telefoni, jumla 200,000. Mwalimu yuko Lubumbashi. Mahindi yamekwisha kuota, na viwavi wangali wadogo. Kusogeza somo mpaka juma lijalo ni hasara, maana kiwavi akikua na kujificha mu moyo wa mmea, dawa haimfikii vizuri tena. Sasa ni saa saba na dakika 40. Mwalimu alinunua telefoni mpya juzi. Anaandika password, inakataa. Anaandika tena, inakataa.

Jambo la kwanza ni kuacha kujaribu. Wengi wanaona kama wakiandika mara kumi itakubali, na njo hapo wanajifungia mlango wenyewe. Zoom ikiona password mbaya mara nyingi, inafunga akaunti kwa nusu saa, na nusu saa ni zaidi ya muda tulio nao. Kisha kukosea mara mbili, mwalimu aweke telefoni chini na asome vizuri maneno yaliyo kwenye skrini.

Maneno yale yanaonyesha ni kufungwa kwa namna gani. Kama yanasema password ni mbaya, au wametuma kodi kwenye barua pepe, akaunti ingali nzima. Ni kuingia tu kumeshindikana. Telefoni mpya au fasi mpya mara nyingi inaleta swali hilo la kodi. Lakini kama yanasema akaunti imesimamishwa, yaani wenyewe Zoom wameifunga, hakuna la kufanya mu dakika 20. Jambo hilo linatokea hata kwa watu wakubwa. Mwaka 2020 Zoom walifunga akaunti za Wachina waliokuwa ngambo kwa sababu ya mikutano ya ukumbusho wa Tiananmen, na mu Juni wakakubali mbele ya watu kwamba walifanya hivyo. Kwa hiyo tusitegemee mlango mmoja tu.

Kwa kufungwa kwa namna ya kwanza, kuko njia ambayo wengi hawaijui. Mkutano wa Zoom unaweza kuanza bila mwenye akaunti kuingia, kama alitayarisha mambo mawili mbele ya siku hiyo. Wakati wa kupanga mkutano, aweke alama kwenye Allow participants to join anytime, tena aondoe alama kwenye Waiting Room. Kisha aende kwenye ukurasa wake wa Profile katika zoom.us, atafute Host Key, na aandike ile namba kwenye karatasi. Karatasi ile moja anapewa sekretere wa koperative.

Basi, turudi kwenye mfano wetu. Saa saba na dakika 45, mwalimu anamuita sekretere kwa telefoni ya kawaida. Sekretere anafungua linki kama memba mwingine yeyote, anagusa Participants, kisha Claim Host, na anaandika ile namba. Sasa yeye ndiye anaongoza mkutano. Mwalimu naye anaingia kwa linki ileile bila kuandika password ya akaunti, na sekretere anamruhusu kuonyesha picha zake. Somo linaanza saa nane na memba hawajui hata kama kulikuwa matata. Asiyekuwa na ile namba, hata awe fundi namna gani, hataweza.

Karatasi hiyo ni kama ufunguo wa depo. Mwenye namba anaweza kuchukua uongozi wa mkutano wakati mwenyewe hayuko, basi isipigwe picha na kutupwa mu grupe. Kisha somo, mwalimu abadilishe ile namba.

Kama saa saba na dakika 50 njia hiyo haijafaulu, tunaiacha. Tunasisitiza hapa, kwa sababu kosa kubwa ni kuendelea kupigana na akaunti mpaka saa nane na nusu, na watu wanamaliza mega zao wakingoja. Mtu mwingine, si mwalimu, awe na akaunti ya pili ambayo ilijaribiwa jana yake. Akaunti ya bure ya Zoom inakata mkutano kisha dakika 40, na inapokea watu 100, basi memba 40 wanaenea. Mwalimu apange sehemu ya lazima mu dakika 35: kutambua mayai na viwavi wadogo, na wakati wa kupiga dawa. Maulizo yanaweza kungoja linki ya pili, iliyotayarishwa pia.

Na kama hata rezo imekufa, mwalimu aseme somo kwa sauti mu WhatsApp, vipande vya dakika tatu tatu, pamoja na picha. Kwa memba wa vijijini njia hii inakula mega kidogo, na wanaweza kusikiliza tena shambani. Lakini tukumbuke tarehe 4 Oktoba 2021, wakati WhatsApp ilizimika dunia nzima karibu saa sita. Habari ya kwamba linki imebadilika ipitie mesaji ya kawaida, na kila kiongozi wa kikundi aite watu wake wanane.

Mesaji hiyo iandikwe mbele ya siku, ibaki kujaza linki tu:

Ndugu memba, somo la kiwavi jeshi liko leo, linaanza saa nane na dakika 10. Linki ya zamani haitumiki. Linki mpya ni hii. Hakuna malipo mengine.

Maneno yale matatu ya mwisho yana kazi. Wakati wa vurugu, mwizi anaweza kutuma linki yake na namba mpya ya kulipia, akisema malipo ya kwanza hayakufika. Tuambie memba tangu siku wanapolipa: mabadiliko yatatoka kwenye namba ya sekretere peke yake, na hayataomba feza hata franka moja.

Kuko jambo moja tena ambalo linasahauliwa. Liste ya waliolipa mara nyingi iko mu barua pepe ileile iliyofungwa. Hapo sekretere hawezi kujua nani apewe linki mpya. Aandike mu kaye jina, namba ya telefoni, na namba ya malipo iliyotoka kwenye mesaji ya M-Pesa, Orange Money au Airtel Money.

Mkutano wa koperative uamue mapema pia juu ya feza. Sisi tunashauri hivi: kama somo halijaanza saa nane na nusu, litangazwe tarehe nyingine palepale, na asiyeweza siku hiyo arudishiwe 5,000 yake yote. Gharama ya kutuma ibebwe na sanduku la koperative, isikatwe kwa memba.