Mtoto Anapobadilika Ghafla: Mwalimu Afanye Nini?

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona tu: mtoto anayedhulumiwa au kutelekezwa nyumbani, na wajibu wa mwalimu anayemwona kila siku.

Mtoto anayeumizwa mara nyingi hasemi kwa mdomo, bali kwa mwenendo. Kwa hiyo tusitafute dalili moja tu, tutazame mabadiliko. Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 10, darasa la 4. Muhula uliopita alikuwa mchangamfu. Baada ya likizo amekuwa mkimya, anashtuka akiguswa bega, na mara mbili amejikojolea darasani, jambo alilokwisha kuliacha zamani. Wenzake wakienda nyumbani, yeye anaomba abaki kufagia darasa.

Kila moja ya hayo laweza kuwa na sababu nyingine. Kujikojolea huenda ni ugonjwa wa njia ya mkojo, na ukimya huenda umetokana na msiba. Lakini yakija kwa pamoja, tena na hofu ya kwenda nyumbani, mwalimu asiyapuuze. Aandike tarehe na alichokiona kwa macho. "Jumanne na Alhamisi aliomba kubaki shuleni" ni taarifa. "Ana tabia za ajabu" haimsaidii mtu.

Kwa mtoto anayetelekezwa, mwalimu ataandika njaa ya kila siku, kusinzia darasani, au kidonda kisichotibiwa. Hapa tusichanganye umaskini na uzembe. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaja mzazi au mlezi ambaye anaweza kutoa chakula, mavazi, matibabu na elimu, lakini anakataa au anapuuza. Mama asiye na kitu anahitaji msaada, si kushtakiwa.

Turudi kwa msichana wetu. Mwalimu wa unasihi amkalishe mahali ambapo watu wanawaona lakini hawawasikii. Aulize swali lililo wazi: "Naona siku hizi hupendi kwenda nyumbani. Kuna nini?" Asiulize, "Je, ni mjomba amekugusa?" Swali la namna hiyo linamtia mtoto maneno mdomoni, na baadaye mahakamani itadaiwa kwamba alifundishwa. Wala asiahidi kutunza siri. Aseme, "Nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia."

Tuseme mtoto anajibu, "Mjomba huja kitandani kwangu usiku." Mwalimu asishtuke mbele yake wala asichimbe zaidi. Amwambie, "Umefanya vema kuniambia. Si kosa lako." Aulize mambo mawili tu ya usalama: ni lini mara ya mwisho, na je, mjomba yupo nyumbani leo? Kisha aandike maneno ya mtoto yaleyale, bila kuyasafisha. Kuthibitisha si kazi ya shule.

Siku hiyohiyo amweleze mwalimu mkuu, na taarifa ifike kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Anayeshukiwa akiwa mwalimu mkuu mwenyewe, basi apitwe. Simu ya bure ya watoto ni 116. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za namna hii aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, si hiari.

Kosa linalotokea mara nyingi ni kumwita kwanza mjomba au wenye nyumba "wajieleze". Jioni hiyo mtoto atatishwa au atasafirishwa kijijini, na hatasema tena. Wanaopaswa kuamua jinsi ya kuwaita wazazi, na mtoto alale wapi usiku huo, ni Ustawi wa Jamii na polisi.

Ikiwa kitendo ni cha siku chache zilizopita, mtoto apelekwe hospitali mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Asiogeshwe kwanza. Nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe katika mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi.

Nasi wa ukoo tuna la kujihadhari. Kikao cha kumtoza mjomba mbuzi na kupeana mikono kinawapatanisha watu wazima, lakini mtoto anabaki chini ya paa lile lile, na mlango wa chumba chake bado haufungi. Naye akirudi darasani, mwalimu asimhoji upya wala asimtaje mbele ya wenzake. Ampe nafasi yake ya kawaida, na aendelee kuandika anayoyaona, kwa kuwa tishio la kumnyamazisha laweza kuja baada ya wiki kadhaa.