Dondoo muhimu: Virutubisho vya viungo kwa mbwa

- Anza na mafuta ya samaki. Majaribio yameonyesha kuwa omega-3, yaani EPA na DHA, huwasaidia mbwa wenye viungo vilivyochakaa kukanyaga vizuri zaidi. Glukosamini haina ushahidi kama huo. Mapitio ya tafiti yaliyotoka 2022 hayakuona nafuu.
- Soma lebo. Kidonge cha miligramu 1000 mara nyingi kina EPA na DHA miligramu 300 tu. Mbwa wa kilo 10 anayehitaji takriban miligramu 1000 kwa siku atameza vitatu.
- Ongeza polepole. Akiharisha, punguza. Pima matokeo baada ya wiki 8 hadi 12.
- Epuka mafuta ya ini la samaki. Vitamini A na D huzidi.
- Usiache dawa ya maumivu bila daktari wa mifugo.