Dola iliposhuka, deni lilipungua bila kulipwa: hesabu ya kinu cha mchele Kutus

Ukinunua tokeni za stima kwa simu hapo Kutus, unalipa kwa shilingi. Lakini kampuni inayokuuzia, Kenya Power, ina mikopo ya dola na sarafu nyingine za kigeni, na vitabu vyake inaviandika kwa shilingi. Mwaka wake wa hesabu ulioisha Juni 2023 ilitangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 3. Mwaka uliofuata ikatangaza faida ya bilioni 30. Wateja wengi walishangaa: tumelipa stima kiasi gani jamani? Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko hayo haikutoka kwa stima. Ilitoka kwa shilingi kupata nguvu mwaka 2024.

Ili tuelewe, tuchukue mfano mdogo wa kubuni. Tuseme kampuni ya kusaga mchele wa pishori pale Kutus ilikopa dola 100,000 kati ya mwaka 2023, dola moja ikiwa shilingi 140, ikanunua mashine. Kwenye vitabu wakaandika deni la shilingi 14,000,000, na mashine ya thamani hiyo hiyo. (Riba tunaiacha kando; nayo hubadilishwa kivyake. Viwango tumevikadiria ili hesabu iwe rahisi.)

Ikafika 31 Desemba 2023, siku ya kufunga vitabu. Dola ilikuwa imepanda hadi kama 156. Kanuni inasema deni la dola lipimwe upya kwa kiwango cha siku hiyo, kwa hivyo sasa ni shilingi 15,600,000. Hakuna aliyeongeza hata dola moja, lakini deni limekua kwa 1,600,000, na kiasi hicho kinaandikwa kama hasara ya mwaka huo. Mashine je? Hiyo inabaki kwenye vitabu kwa bei ya siku iliponunuliwa, ikipunguzwa tu kwa uchakavu. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaiongeza ile hasara kwenye bei ya mashine ili faida isiharibike. Ukiona thamani ya mashine imepanda na hakuna kilichonunuliwa, uliza.

Februari 2024 serikali ilinunua tena sehemu kubwa ya hati zake za deni la dola zilizokuwa zinakaribia kuiva, hofu ikapungua, na shilingi ikapanda haraka. Mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 132. Tuseme kinu kilituma benki siku hizo dola 20,000 za kupunguza mkopo. Walitoa shilingi 2,640,000. Lakini kwenye vitabu hizo dola 20,000 zilikuwa zimekaa kwa 156, yaani 3,120,000. Tofauti ya 480,000 ni faida, na hii imekamilika, kwa sababu kipande hicho cha deni kimeisha.

Zikabaki dola 80,000. Desemba 2024 dola ikiwa 129, deni ni 10,320,000, na vitabuni lilikuwa 12,480,000. Faida nyingine ya 2,160,000. Jumla ya mwaka ni 2,640,000. Kwa bahati tu ni sawa na pesa waliyolipa Machi, usizichanganye.

Sasa, ile 2,160,000 iko wapi? Haiko benki, haiko kwa simu, haiko kwa gunia la mchele. Ni deni tu lililopungua kwenye karatasi, na dola ikirudi 156 mwaka ujao, inaondoka ilivyokuja. Mkurugenzi akiitumia kugawia wenye hisa, itabidi atafute pesa hiyo kwingine, pengine kwa kukopa. KRA nayo hutazama hapo hapo: faida au hasara ya sarafu huingia kwenye hesabu ya kodi inapokamilika, si inapopimwa tu. Kwa hivyo mhasibu wa kinu lazima aweke zile 480,000 mbali na zile 2,160,000, la sivyo hesabu ya kodi itakuwa na makosa.

Kosa lingine dogo lakini la kawaida ni kiwango chenyewe. Mtu anapima deni kwa bei ya duka la kubadilisha pesa leo, mwaka ujao anatumia kiwango cha Benki Kuu, na tofauti kati ya hizo mbili inaonekana kama faida. Chagua chanzo kimoja ukae nacho.

Majirani wanaouza kahawa ya Kirinyaga wako mahali tofauti. Kwenye mnada wa Nairobi kahawa huuzwa kwa dola. Dola ikipanda deni lao linakua, lakini na mauzo yao kwa shilingi yanakua. Kinu chetu kinauza mchele kwa shilingi pekee, kwa mama wa duka anayelipa kwa simu. Dola ikienda 156, yeye haongezi kitu kwa kilo kwa sababu ya mkopo wa kinu.