Miezi Sita ya Mwisho Saudia: Panga Pesa ya Kuanza Upya Nyumbani

Mkataba wa miaka miwili una mishahara 24. Tuseme unapata kama shilingi 34,000 kwa mwezi: 24,000 unatuma nyumbani, 4,000 unatumia, 6,000 unaweka ya dharura. Kuanzia mwezi wa 19, geuza hesabu: nyumbani 10,000, akiba 20,000.

Waambie watu wa nyumbani mapema, mwezi wa 16 hivi, ndio wapange karo na kodi upya. Ukikata ghafla, simu za "tuma kitu kidogo" zitamaliza hiyo akiba.

Hesabu miezi mitano tu, yaani 100,000, kwa sababu mshahara wa mwisho unaweza kuchelewa. Tenga 45,000 ya kuishi miezi mitatu ukisharudi, 15,000 kila mwezi. Hiyo 55,000 inayobaki ndiyo mtaji. Bila pesa ya kuishi, biashara changa ndiyo itakulisha, na mtaji utaisha kabla wateja hawajakuzoea.

Weka akiba kwa akaunti yenye jina lako, si kwa laini ya ndugu. Kila mwisho wa mwezi angalia salio: kama halijapanda kwa 20,000, mpango umeanza kuvuja.