Mchezo wa Kompyuta Unapoganda Kwenye Video: Chunguza Mfumo Kabla ya Kulipia Kifaa Kipya

Tuchukue mfano wa mnunuzi aliyenunua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, ambayo iliingizwa nchini kutoka Ulaya. Kompyuta inawaka vizuri, intaneti inafanya kazi, na filamu alizo nazo kwenye diski mweko zinaonekana bila shida kwa kutumia programu ya VLC. Anaweka mchezo wa kompyuta, yaani gemu, ambao mahitaji yake ya kiufundi yanalingana kabisa na uwezo wa mashine. Nembo ya mtengenezaji inapita, kisha skrini inakuwa nyeusi mahali ambapo video ya utangulizi ilipaswa kuanza. Hakuna kinachoendelea tena. Anarudia mara tano na mara zote mchezo unaganda pale pale.

Anaipeleka kompyuta kwa fundi, naye anamwambia kuwa kadi ya grafiki imekufa. Kwa kuwa kwenye kompyuta mpakato nyingi sehemu hiyo imeunganishwa moja kwa moja na ubao mama, matengenezo yatagharimu shilingi 350,000. Je, mnunuzi alipe? Somo hili linaeleza kwa nini asilipe bado, na namna ya kubaini chanzo halisi cha tatizo kwa hatua ambazo hazigharimu chochote isipokuwa muda na kiasi cha data.

Video si sawa na mchezo wenyewe

Picha tunazoziona tunapocheza huchorwa na kadi ya grafiki papo hapo, kufuatana na vitendo vya mchezaji. Video ya utangulizi, pamoja na video nyingi za masimulizi zinazotokea katikati ya mchezo, ni kitu tofauti. Hiyo ni filamu iliyokwisha rekodiwa, ikabanwa ili ipunguze ukubwa, na kuhifadhiwa kama faili ndani ya folda ya mchezo.

Filamu iliyobanwa haiwezi kuonekana mpaka ifunguliwe na programu ndogo iitwayo kodeki. Kazi yake inafanana na ya king'amuzi cha televisheni: mawimbi yanaweza kufika kwenye antena yakiwa mazima, lakini bila king'amuzi televisheni haionyeshi kitu. Baadhi ya michezo huja na king'amuzi chake. Mingine huutegemea mfumo endeshi wa Windows, ambao una mkusanyiko wa vijenzi vya sauti na video uitwao Media Foundation. Vijenzi hivyo vikikosekana au vikiharibika, mchezo hubaki ukisubiri video ambayo haitafunguka, au hujifunga wenyewe ghafla.

Hapa ndipo VLC inapowapotosha wengi. Mtu huona filamu zake zikicheza vizuri, akahitimisha kuwa kompyuta yake haina kasoro ya video. Lakini VLC hubeba kodeki zake yenyewe na haizigawii programu nyingine. Kwa hiyo filamu kucheza ndani ya VLC hakuthibitishi kuwa vijenzi vya Windows vipo, na kuiweka VLC hakuuponyi mchezo ulioganda.

Kwa nini kompyuta iliyotoka Ulaya?

Mwezi Machi 2004, Kamisheni ya Ulaya iliamua kuwa kampuni ya Microsoft imekiuka sheria za ushindani, miongoni mwa mambo mengine kwa kuifungamanisha programu yake ya kuchezea muziki na video na mfumo wa Windows. Kampuni ilitozwa faini ya yuro milioni 497 na kutakiwa kutoa pia toleo la Windows lisilo na programu hiyo. Toleo hilo hutambulishwa kwa herufi N, na limeendelea kutolewa hadi Windows 10 na Windows 11.

Toleo la N ni halali na si bovu. Hata hivyo, pamoja na programu hiyo ya kuchezea, toleo hili hukosa pia vijenzi vya Media Foundation ambavyo michezo mingi huvitegemea. Mtumiaji wa kawaida huweza kufanya kazi za ofisini kwa miezi mingi asitambue upungufu huo, mpaka siku anapofungua mchezo. Microsoft hutoa vijenzi hivyo bila malipo katika kifurushi kiitwacho Media Feature Pack, lakini mtumiaji lazima akiongeze mwenyewe.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, tazama jina la toleo. Fungua Settings, kisha System, kisha About, na usome mstari wa Edition. Ukikuta jina linaloishia na herufi N, kwa mfano Windows 10 Pro N, umepata sababu yenye uzito mkubwa.

Pili, hakikisha kama kijenzi kikuu kipo. Fungua Command Prompt na uandike:

```
dir C:\Windows\System32\mfplat.dll
```

Jibu likiwa File Not Found, Media Foundation haipo. Michezo mingine hukurahisishia kazi kwa kuonyesha ujumbe unaolitaja faili hilo hilo la mfplat.dll kuwa halikupatikana.

Tatu, jaribu kuitenga video. Fungua folda ya mchezo na utafute folda ndogo yenye jina kama Movies au Videos. Faili zenye kiambishi .wmv au .mp4 mara nyingi hutegemea Windows, ilhali zile za .bik au .bk2 huchezwa na programu iliyomo ndani ya mchezo. Hamishia faili ya utangulizi mahali pengine kwa muda, bila kuifuta, kisha uanzishe mchezo. Ukifika kwenye menyu na ukaweza kucheza, kadi ya grafiki inafanya kazi yake, na kasoro iko kwenye uchezaji wa video. Iwapo mchezo utakataa kuanza kwa kukosa faili hiyo, irudishe. Jaribio halijatoa jibu lolote, hivyo tegemea hatua mbili za kwanza.

Jaribio hili ni kipimo, si tiba. Ukiiacha video nje, mchezo unaweza kuganda tena saa kadhaa baadaye, utakapofikia video nyingine ya masimulizi.

Kwa upande mwingine, mchezo ukiganda katikati ya kucheza, mahali tofauti kila mara, huku kompyuta ikipata joto kali au skrini ikionyesha mistari na rangi zisizoeleweka, hapo ni sahihi kushuku grafiki. Kuganda mahali pale pale kila mara, video inapotakiwa kuanza, huelekeza kwenye vijenzi vya video.

Kurekebisha

Kwa toleo la N, fungua Settings na uandike Optional features kwenye kisanduku cha kutafutia. Katika Windows 10 bonyeza Add a feature. Katika Windows 11 bonyeza View features. Tafuta Media Feature Pack, iweke, kisha uiwashe kompyuta upya. Usiiruke hatua ya mwisho, kwa kuwa vijenzi havikamiliki kabla ya hapo. Anayependa kutumia amri anaweza kufungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika:

```
DISM /Online /Add-Capability /CapabilityName:Media.MediaFeaturePack~~~~0.0.1.0
```

Baada ya kompyuta kuwaka, rudia amri ya hatua ya pili. Faili ya mfplat.dll ikionekana, rudisha video mahali pake na ufungue mchezo. Tambua pia kuwa Windows ikipandishwa kwenda toleo jipya, huenda ukahitajika kukiongeza kifurushi hiki tena.

Ikiwa toleo lako halina herufi N, inawezekana vijenzi vipo lakini vimeharibika. Tumia amri hizi mbili kwa mamlaka ya msimamizi, moja baada ya nyingine, na usubiri kila moja ikamilike:

```
DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow
```

Ya kwanza husahihisha hifadhi ambamo Windows huchukua faili za kujitengeneza. Ya pili huzibadilisha faili zilizoharibika kwa nakala nzima.

Amri hizi zikishindwa, uliza ni nani aliyeweka Windows katika mashine hiyo. Baadhi ya wauzaji huweka mifumo iliyopunguzwa na watu wasiojulikana ili iwe myepesi. Katika mifumo hiyo, si vijenzi vya video pekee vinavyoondolewa. Mara nyingi hata hifadhi ya kujitengeneza huondolewa, na hapo dawa ni kuweka Windows halisi upya. Ikumbukwe kwamba leseni ya toleo la N hukubaliwa na toleo la N tu. Fundi anayeahidi kukubadilishia toleo bila kukueleza leseni itatoka wapi anakuingiza katika tatizo jingine.

Mambo mawili ya kuepuka

Usipakue faili ya mfplat.dll peke yake kutoka tovuti zinazogawa faili za namna hiyo. Faili hiyo hufanya kazi pamoja na nyingine nyingi, hivyo ikiwa peke yake haitasaidia, na faili kutoka chanzo kisichojulikana inaweza kuwa na programu haribifu. Vilevile, usikimbilie vifurushi vya kodeki vinavyosambazwa mitandaoni. Vingi huongeza vijenzi kwa utaratibu wa zamani uitwao DirectShow. Huweza kuisaidia michezo ya miaka ya nyuma, lakini haviwezi kujaza nafasi ya Media Foundation iliyokosekana.

Turudi kwa mnunuzi wetu

Alipotazama ukurasa wa About alikuta Windows 10 Pro N. Amri ya hatua ya pili ilijibu File Not Found. Alipoihamisha video ya utangulizi, mchezo ulifika kwenye menyu na akaucheza kwa nusu saa bila kukwama. Aliongeza Media Feature Pack, akaiwasha kompyuta upya, akairudisha video, nayo ikacheza mpaka mwisho. Shilingi 350,000 zilibaki mfukoni mwake, na ubao mama uliokuwa mzima haukuguswa.

Mlaji anayeambiwa kuwa kifaa chake kimeharibika ana haki ya kuuliza kipimo kilichotumika kufikia uamuzi huo. Kabla ya kulipa, mwombe fundi aandike kwenye karatasi kasoro aliyoiona, namna alivyoithibitisha na kifaa anachokusudia kubadilisha. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza vitendo vya kupotosha au kuhadaa katika biashara. Karatasi hiyo, pamoja na stakabadhi ya ununuzi na picha ya ukurasa wa About, ndiyo itakayoonyesha kama ulitibiwa ugonjwa uliokuwapo au uliobuniwa.